Makato madogo usiyoyatambua kwenye kadi: yana maana gani na ufanye nini kabla kato kubwa halijaja

Makato mawili matatu ya senti kadhaa, kutoka kwa majina usiyowahi kuyasikia, mara nyingi yana maana moja: kuna mtu ana namba za kadi yako na anataka kujua kama bado inafanya kazi. Hizo senti si wizi wenyewe. Wizi unafuata, pengine baada ya saa chache, pengine baada ya wiki kadhaa, na muda ulio katikati ndio ulio nao wa kuuzuia. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya muda huo.

Kwa nini tapeli aanze na kiasi kidogo

Namba za kadi zilizoibwa huuzwa kwa mafungu. Anayenunua fungu la namba elfu moja hajui zipi zimeshafungwa, zipi zimeisha muda, na zipi zina salio. Akienda moja kwa moja kununua simu ya bei kubwa kwa kadi asiyoijua, huenda benki ikakataa na kadi ikafungwa papo hapo, naye atakuwa ameipoteza. Kwa hiyo anaijaribu kwanza kwa kiasi ambacho mwenyewe hatakishtukia. Kadi ikipita, thamani yake inapanda: ataiuza kwa bei ya juu kwa tapeli mwingine, au ataitumia yeye mwenyewe kununulia vitu vinavyogeuzwa kuwa pesa haraka, kama kadi za zawadi na vifaa vya elektroniki.

Kazi hii haifanywi kwa mkono. Programu ya kompyuta inajaza fomu ya malipo mara mamia kwa saa, kila mara na namba tofauti. Inapenda tovuti ambazo fomu zake ni nyepesi: kurasa za michango ya hisani, ambako mtu anaweza kutoa kiasi chochote na hakuna mzigo wa kusafirishwa, maduka madogo ya mtandaoni yasiyo na ulinzi mzuri, huduma za kidijitali zenye kipindi cha majaribio. Ndiyo maana jina unaloliona kwenye taarifa yako linaweza kuwa la shirika la kweli, tena la watu waaminifu. Nao wametumiwa bila kujua, na kila jaribio linawagharimu ada.

Kuna jambo linalowachanganya wengi: kadi haijawahi kutoka mkononi, tena haijawahi kutumika mtandaoni, na bado inajaribiwa. Inawezekana kabisa. Namba za kadi hazipangwi ovyo. Tarakimu sita hadi nane za mwanzo zinaitambulisha benki iliyoitoa, na tarakimu ya mwisho ni ya ukaguzi, inayopatikana kwa hesabu iitwayo kanuni ya Luhn, ambayo si siri. Tapeli anayezijua tarakimu za benki fulani anaweza kutengeneza namba nyingi zinazokubalika kihesabu, halafu akatafuta zipi zina mwenyewe. Tarehe ya mwisho wa matumizi haimsumbui sana: kadi nyingi hutolewa kwa miaka isiyozidi mitano, kwa hiyo kuna miezi 60 tu ya kukisia. Namba tatu za nyuma zina uwezekano 1,000. Ukiyasambaza makisio hayo kwenye tovuti nyingi, kila moja ikipata machache tu, hakuna tovuti hata moja itakayoona jambo la ajabu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walionyesha kuwa njia hii inafanya kazi kweli, na kwamba inazuilika pale ambapo mtandao wa malipo unayatazama majaribio yote kwa pamoja badala ya kuiachia kila tovuti yake.

Kusoma makato: mfano mmoja

Tuchukue kadi moja ya debiti. Mwenyewe anaamka asubuhi na kuikuta orodha hii kwenye programu ya benki yake:

```
02:14  WEB DONATE 0147    1.00 USD   DECLINED
02:14  WEB DONATE 0147    1.00 USD   DECLINED
02:15  WEB DONATE 0147    1.00 USD   APPROVED
02:51  DIGI SVC ONLINE    0.49 USD   PENDING
```

Tuanze na mistari miwili ya juu, ile iliyokataliwa. Watu wengi huipita haraka kwa sababu hakuna pesa iliyotoka, kumbe ndiyo inayosema mengi. Kukataliwa mara mbili ndani ya dakika moja kisha kukubaliwa ni alama ya mtu anayekisia: alikuwa na namba ya kadi, akakosea tarehe au namba tatu za nyuma, akarudia, akapata. Lau jaribio la kwanza lingepita bila kukataliwa, ingeelekea zaidi kwamba alikuwa na taarifa zote, yaani zilichotwa mahali ulipolipa mtandaoni au uliziandika mwenyewe kwenye ukurasa wa uongo. Huu si ushahidi kamili, lakini unakusaidia kujua pa kuangalia baadaye.

Mstari wa nne ni uthibitisho. Tovuti nyingine, kiasi kingine, nusu saa baadaye. Mtu aliyekosea kuandika namba yake hawezi kuifuata kadi yako kutoka tovuti moja hadi nyingine.

Neno PENDING nalo linahitaji kueleweka. Unapolipa kwa kadi, kwanza benki inatoa idhini na kukitenga kiasi hicho. Muuzaji anakidai baadaye, kwa kawaida ndani ya siku chache. Asipokidai, pesa inarudi kwenye salio na mstari unapotea. Tapeli anachohitaji ni ile idhini tu. Ikishatoka, jibu lake ameshalipata, iwe pesa itadaiwa au haitadaiwa. Kwa hiyo mstari uliotoweka siku ya tatu haumaanishi kuwa hatari imepita. Hali ni hiyohiyo muuzaji anapogundua ulaghai na kukurudishia dola yako bila wewe kuomba: pesa imerudi, lakini kadi bado inajulikana kuwa hai. Jaribio linaweza hata kuja kama ujumbe wa kiasi cha 0.00, kwa sababu mitandao ya kadi ina ukaguzi usiokata kitu unaouliza tu kama kadi ipo. Ujumbe wa sifuri ambao hukuuanzisha wewe uchukulie kwa uzito uleule.

Kabla ya kushtuka, ondoa yaliyo halali

Dakika kumi zinatosha kwa kazi hii. Je, jana au juzi uliiweka kadi yako kwenye huduma yoyote mpya? Huduma nyingi hutenga dola moja au chini yake kuhakikisha kadi ni nzima, kisha huiachia. Pampu za mafuta za kujihudumia na hoteli hufanya hivyo pia. Je, kuna mtu wa nyumbani anayetumia kadi yako, labda mtoto aliye na simu iliyounganishwa nayo? Je, kato dogo limekaa chini ya malipo yako ya fedha za kigeni? Hiyo huenda ikawa ada ya benki.

Jina geni peke yake si ushahidi, kwa sababu kampuni nyingi huonekana kwenye taarifa kwa jina la usajili na si lile lililo mlangoni. Tafuta kiasi hichohicho kwenye barua pepe zako. Risiti nyingi hupatikana hapo. Lakini usiipigie namba ya simu iliyoandikwa kando ya jina la muuzaji, wala usibonyeze kiungo chochote ili "kughairi" malipo. Ikiwa hujapata maelezo baada ya dakika hizo kumi, acha kutafuta na uanze hatua zinazofuata. Ikiwa umeona kukataliwa mara kadhaa mfululizo, au majina mawili mageni ndani ya siku moja, usizitumie hata hizo dakika kumi.

Hatua ya kwanza: funga kadi kwa muda

Programu nyingi za benki zina kitufe cha kuifunga kadi kwa muda. Kibonyeze sasa, kabla ya kupiga simu, maana foleni ya huduma kwa wateja inaweza kuchukua nusu saa. Kama benki yako haina kitufe hicho, angalia kama unaweza kuzima malipo ya mtandaoni au kushusha kikomo chake hadi sifuri.

Ujue pia mipaka ya kufunga kwa muda. Kiasi ambacho kimeshapewa idhini kinaweza kuendelea kudaiwa. Malipo ya kila mwezi yaliyokwisha kusajiliwa, katika benki nyingi, hupita hata kadi ikiwa imefungwa. Kwa hiyo kufunga kunakununulia muda, ila hakulimalizi tatizo.

Kubadilisha namba ya siri ya kadi hakusaidii hapa. Namba hiyo hutumika kwenye mashine. Malipo ya mtandaoni hayaiulizi.

Hatua ya pili: hifadhi ulichokiona

Piga picha ya skrini inayoonyesha kila mstari, pamoja na ile iliyokataliwa. Fanya hivyo mapema, kwa kuwa mistari iliyokataliwa na inayosubiri hufutika, na taarifa rasmi ya mwezi haitaionyesha. Hifadhi pia ujumbe mfupi wa benki, na uandike saa uliyogundua.

Hatua ya tatu: piga simu benki, na useme maneno haya

Tumia namba iliyo nyuma ya kadi au iliyo ndani ya programu ya benki. Usiitafute mtandaoni, kwa maana matapeli hutangaza namba zao kwa jina la benki.

Jinsi unavyoieleza shida yako inaamua utahudumiwa vipi. Ukisema "nimekatwa dola moja siielewi", mhudumu anaweza kukujibu kwa nia njema kabisa, "Subiri, ikiwa haijathibitishwa itarudi yenyewe." Umeuliza kuhusu dola, umejibiwa kuhusu dola. Sema hivi badala yake:

"Naripoti matumizi yasiyoidhinishwa kwenye kadi yangu inayoishia na tarakimu hizi nne. Usiku wa kuamkia leo kuna majaribio manne kutoka tovuti mbili, mawili yamekataliwa na mawili yamekubaliwa. Naamini kadi inajaribiwa. Naomba ifutwe kwa sababu ya ulaghai na nipewe kadi yenye namba mpya."

Kisha, kabla hujakata simu, uliza mambo manne. Kwanza, je, namba itabadilika kweli? Wakati mwingine benki hutoa kadi mpya yenye namba ileile, kama ilivyo kadi inapovunjika au kuisha muda, na hiyo haitakufaa. Pili, je, kuna idhini nyingine ambazo mimi sizioni? Mifumo ya benki huonyesha majaribio ambayo programu ya mteja haionyeshi. Tatu, je, kadi hii imesajiliwa kwenye simu au saa yoyote ya kulipia? Tapeli aliyefanikiwa kuiingiza kadi yako kwenye pochi ya simu yake anaweza kuendelea kulipa bila kuhitaji namba iliyochapwa kwenye kadi, kwa hiyo omba kila kifaa usichokitambua kiondolewe. Nne, namba ya kumbukumbu ya ripoti ni ipi? Iandike, pamoja na jina la mhudumu na saa.

Kwa kadi ya debiti, harakisha zaidi. Kadi ya mkopo ikitumiwa na tapeli, kinachogombaniwa ni pesa ya benki wakati uchunguzi unaendelea. Debiti inatoa pesa yako kutoka kwenye akaunti yako, na hata kama itarudishwa, kodi na malipo mengine yanaweza kugonga mwamba katikati. Kama una akaunti nyingine isiyounganishwa na kadi hiyo, hamishia humo salio lililozidi hadi kadi mpya ifike.

Simu inayofuata ndiyo ya hatari zaidi

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo watu waangalifu nao hupoteza pesa.

Majaribio yamepita, tapeli anataka kununua kitu kikubwa, lakini benki inadai uthibitisho: namba inayotumwa kwa ujumbe mfupi au kibonyezo cha kukubali ndani ya programu. Hana simu yako. Kwa hiyo anakupigia. Anajitambulisha kuwa ni wa kitengo cha ulaghai cha benki yako, na anakutajia mambo ya kweli: "Tumeona dola moja saa nane na robo usiku, na senti arobaini na tisa baadaye. Ni wewe?" Unastaajabu, maana ni sahihi. Ni nani mwingine angeyajua hayo zaidi ya benki?

Aliyeyafanya anayajua. Ndiye aliyeandika kiasi na ndiye aliyechagua saa.

Kisha anasema atakutumia namba ya kughairi miamala hiyo, umsomee. Namba inafika kweli, tena kutoka kwa benki ya kweli, kwa sababu wakati huohuo ameanzisha malipo. Usome ujumbe wenyewe: aghalabu umeandika jina la muuzaji na kiasi, kwa mfano dola 640, na onyo la kutompa mtu yeyote. Namba za uthibitisho hukubali malipo. Kughairi muamala hakuhitaji umsomee mtu kitu. Mwambie tu, "Asante, nitapiga mwenyewe," kata simu, upige namba iliyo nyuma ya kadi. Mfanyakazi wa benki wa kweli hatakasirika. Anayekusihi usikate amekwisha kujitambulisha.

Kama umeshaisoma namba hiyo, usipoteze muda kwa aibu. Piga benki hapohapo na useme wazi kwamba ulimpa mtu namba ya uthibitisho na saa ngapi. Malipo ambayo bado yanasubiri yanaweza pengine kuzuiwa, na maelezo ya kweli uliyoyatoa mapema yatakusaidia zaidi kuliko maelezo yatakayogunduliwa baadaye na mchunguzi.

Dalili nyingine ya kuitazama ni barua pepe kufurika ghafla. Mamia ya ujumbe wa kujiunga na majarida usiyoyajua, ndani ya saa moja, mara nyingi yametumwa ili kuifunika risiti moja ya ununuzi uliofanywa kwa kadi yako. Usifute yote kwa pamoja. Tafuta humo maneno kama "agizo", "risiti", "order" na "receipt", pamoja na majina ya maduka unayonunua, kwa kuwa huenda ameingia kwenye akaunti yako ya duka ambamo kadi imehifadhiwa. Ikiwa ni hivyo, badilisha nenosiri la akaunti hiyo na la barua pepe.

Kudai pesa, hata kama ni senti

Wasilisha pingamizi rasmi kwa kila muamala usio wako, ukiwemo ule wa senti 49. Usiuache kwa kuona ni mdogo. Kukaa kimya kunaweza kutafsiriwa kwamba unamtambua muuzaji huyo, na kesho akikata kiasi kikubwa, historia itaonyesha malipo ambayo hukuyapinga. Miamala inayosubiri kwa kawaida haipingwi hadi ithibitishwe, kwa hiyo weka kumbukumbu ya kurudi kuiangalia baada ya siku tatu au nne.

Kwa ulaghai wa kadi isiyokuwepo mbele ya muuzaji, kanuni za Visa na za Mastercard zinaipa benki siku 120 kuanzisha madai. Hiyo ni nafasi ya benki. Yako inaweza kuwa fupi zaidi, kutegemea mkataba wa kadi na sheria ya mahali ulipo, na katika nchi kadhaa kiasi cha hasara kinachokuangukia kinaongezeka kadiri unavyochelewa kuripoti. Toa ripoti siku hiyohiyo. Ikiwa ulipiga simu tu, tuma pia maelezo kwa maandishi kupitia programu ya benki au barua pepe, ukitaja namba ya kumbukumbu.

Kadi mpya ikifika

Mitandao ya kadi ina huduma inayowapelekea wauzaji namba mpya ya kadi pale ya zamani inapobadilishwa, ili malipo yako ya kila mwezi yasikatike. Ni huduma nzuri, ila ina mlango wa nyuma: ikiwa jaribio la senti 49 lilikuwa kwa kweli kujiunga na huduma ya kila mwezi, muuzaji huyo naye anaweza kupelekewa namba yako mpya. Ndiyo sababu kadi inapaswa kufutwa kwa kosa la ulaghai na si kwa ombi la kawaida la kubadilisha. Muulize mhudumu kama namba mpya itasambazwa kwa wauzaji wa zamani, na umwombe amzuie yule usiyemtambua.

Halafu washa ujumbe wa arifa kwa kila muamala bila kikomo cha chini. Benki nyingine huweka kikomo kwa kawaida, na majaribio haya hupita chini yake. Weka kikomo cha malipo ya mtandaoni karibu na matumizi yako ya kweli, uongeze unapohitaji. Na kwa miezi miwili mitatu, pitia mistari yote ya taarifa yako, hasa katika tarehe zinazolingana na siku ya majaribio ya kwanza: kama yalikuwa tarehe 9, tazama tarehe 9 ya mwezi unaofuata na siku mbili kabla na baada yake. Huduma ya kila mwezi iliyoanzishwa kwa jina lako itajitokeza hapo, kwa kawaida ikiwa na kiasi kikubwa kuliko kile cha majaribio.